Kupumua kwa tundu moja moja la pua: jinsi ya kufanya, na kipi hasa kinachoshusha presha

Shangazi yangu anakaa Rau, pembeni ya mji wa Moshi, na ni miaka sita sasa anameza amlodipini ya miligramu 5 kila asubuhi. Mwaka jana nilipita kumsalimia jioni moja nikamkuta kwenye kochi, amefumba macho, gumba la mkono wa kulia limeziba tundu moja la pua. Nilipomwamkia aliniinulia mkono wa kushoto tu, maana yake nisubiri. Nikasubiri. Alipomaliza akaniambia kwamba tundu la kushoto ndilo linaloamsha upande wa ubongo unaopoza mwili, na kwamba alikuwa akilifanyia kazi tangu Jumapili. Maelezo hayo aliyapata kwenye sauti iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao, ya mtu aliyesema amesomea yoga Arusha.

"Na dawa je, shangazi?"

"Dawa nimeziweka pembeni kidogo mwanangu, nione hii inavyofanya kazi."

Nilitoa mashine ya presha kwenye mkoba. Ilisoma 162 kwa 98.

Mimi ni muuguzi, na kwa kweli nilitaka kumgombeza, lakini shangazi hagombezwi. Tukakubaliana: arudi kwenye dawa kesho yake asubuhi, na mimi nisilidharau zoezi lake bali tulipime. Ninachoandika hapa kimetokana na makubaliano hayo. Zoezi lenyewe nililikuta jema na lina kazi ya kweli mwilini. Hadithi inayozunguka pamoja nalo, ya tundu la kushoto na ubongo wa kulia, ndiyo iliyopwaya, na ni hiyo hiyo iliyomfanya mtu mzima aweke dawa kabatini.

Zoezi lenyewe

Wenye yoga huliita nadi shodhana, yaani kusafisha njia. Wahindi wa zamani waliamini mwilini mna njia za nguvu, mbili kati ya hizo zikiishia kwenye matundu mawili ya pua: ya kushoto wakaiita ida, ya baridi, ya mwezi, ya kulia pingala, ya joto, ya jua. Huhitaji kuamini hayo wala kuyakataa ili ufanye zoezi. Unahitaji kiti, saa ya ukutani inayogonga kila sekunde, na pua iliyo safi.

Anza na pua. Penga kamasi taratibu, tundu moja kwa wakati. Halafu ziba upande mmoja, pumua mara mbili kwa mwingine, kisha badilisha. Mara nyingi utakuta upande mmoja hewa inapita kwa urahisi na mwingine inapita kwa shida kidogo. Hiyo ni kawaida, na nitaeleza sababu yake huko mbele. Ila ukiona upande mmoja hauingizi hewa kabisa kwa sababu ya mafua, acha leo. Kulazimisha pua iliyoziba kunakufanya uvute kwa nguvu, na kuvuta kwa nguvu ni kinyume cha tunachotafuta. Kwetu huku miezi ya kiangazi vumbi la barabarani huingia hadi chumbani, kwa hiyo shangazi hunawa uso na pua kwanza. Pia usikae karibu na jiko la mkaa lililowashwa, hata kama ndipo penye joto asubuhi za Julai.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini. Hakuna haja ya kukunja miguu sakafuni. Magoti yanayouma yatakuharibia hesabu. Mkono wa kulia, kunja kidole cha shahada na cha kati kiganjani. Gumba litaziba tundu la kulia, kidole cha pete kitaziba la kushoto. Pa kugusa ni pale mfupa wa pua unapoishia na nyama laini kuanza. Gusa hapo kiasi cha kuzuia hewa tu. Wengi hubana ncha ya pua mpaka inapinda, na pua ikipinda hata tundu la pili linabanwa. Utalijua kosa hilo kwa mluzi mwembamba unaosikika ukivuta hewa. Kiwiko kisininginie hewani kwa dakika kumi, kitachoka na bega litapanda hadi sikioni. Weka mto mapajani au egemeza kiwiko mezani.

Sasa mwendo wenyewe. Toa hewa yote kwa utulivu. Ziba kulia kwa gumba, vuta kwa kushoto ukihesabu sekunde nne za saa. Ziba kushoto kwa kidole cha pete, achia gumba, toa kwa kulia ukihesabu sita. Hapo hapo bila kubadilisha vidole, vuta kwa kulia kwa nne. Ziba kulia, achia kushoto, toa kwa kushoto kwa sita. Huo ni mzunguko mmoja. Una pumzi mbili na unachukua sekunde ishirini, kwa hiyo kwa dakika unapata mizunguko mitatu, pumzi sita. Mizunguko thelathini ni dakika kumi.

Kanuni ya kubadilisha vidole ni rahisi kukumbuka: unabadilisha tundu baada ya kuvuta, hubadilishi baada ya kutoa. Ukipotea katikati, na utapotea, achia pua, pumua kawaida mara mbili, anza tena kushoto. Hakuna kilichoharibika.

Wiki ya kwanza nne kwa sita ni nyingi kwa mtu ambaye hajazoea. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, sasa kumshusha ghafla hadi sita ni kama kumwambia dereva wa daladala aende mwendo wa msafara wa harusi. Anza na tatu kwa nne kwa dakika tano. Ukiona siku tatu mfululizo unamaliza bila hamu ya kuvuta hewa ya ziada, nenda nne kwa tano, halafu nne kwa sita. Shangazi alichukua siku kumi kufika.

Jambo moja la kuacha kabisa: kubana pumzi. Ratiba nyingi za zamani zina uwiano wa moja kwa nne kwa mbili, yaani ukivuta kwa nne, unabana kwa kumi na sita, unatoa kwa nane. Hilo ni zoezi jingine. Kubana pumzi kunaweza kupandisha presha pale pale, na mtu anayetafuta kuishusha hana sababu ya kupita huko. Mwenye ujauzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye presha ya macho wasiguse kabisa kipande hicho.

Kizunguzungu, na kwa nini ni kosa la kiasi

Siku ya nne shangazi alinipigia simu. Midomo inamwasha kama aliyekula pilipili kidogo, ncha za vidole zina ganzi, na kichwa chepesi. Yule mtu wa kwenye sauti alikuwa amesema hizo ni dalili za nguvu kuanza kupita.

Nguvu haihusiki. Alikuwa anatoa hewa ukaa nyingi mno. Nilipomwambia aisimamishe simu mbele yake, kwa video, nimwone akifanya, nikaona kifua kinapanda kama cha mtu anayejiandaa kuzamia. Alikuwa anapumua polepole, ndiyo, lakini kila pumzi aliijaza hadi mwisho. Watu wengi huogopa kuishiwa hewa, hivyo wakiambiwa polepole wanatafsiri kuwa kubwa. Ukizidisha, hewa ukaa kwenye damu inashuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana kidogo, ndipo kichwa kinakuwa chepesi. Na damu ikipungua asidi, neva zinaanza kuwasha midomoni na vidoleni. Ni jambo lile lile linalomtokea mtu aliyepaniki, ila kwa utaratibu.

Tiba yake ni kupunguza ujazo, si kuongeza utulivu. Weka kiganja cha kushoto juu ya kitovu. Ukivuta, tumbo lisogeze kiganja kiasi cha unene wa kidole. Kifua cha juu kisionekane kikipanda. Mtu aliyekaa karibu nawe asisikie pumzi yako. Ukisikia hamu kidogo ya hewa mwishoni mwa kutoa, uko mahali pazuri. Ukisikia njaa ya hewa inayokufanya uvute kwa mkupuo, umekwenda polepole mno kwa leo. Rudi tatu kwa nne.

Na wapo watu ambao kuziba tundu la pua tu kunawatia hofu, hasa waliowahi kuugua pumu vibaya au kunusurika kuzama majini. Hao wasijilazimishe. Habari njema kwao iko kwenye sehemu inayofuata.

Pua na ubongo: madai dhidi ya mwili

Tuanze na lililo kweli, kwa sababu waliotunga zoezi hili walikuwa waangalifu kuliko tunavyowapa sifa. Waliona kwamba matundu ya pua hayafanyi kazi sawa. Ndani ya kila tundu kuna mikunjo ya nyama iliyojaa mishipa ya damu, na kwa watu wengi damu hujaa upande mmoja na kupungua mwingine, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Daktari Mjerumani Richard Kayser aliueleza mzunguko huo mwaka 1895. Ndiyo maana ulipojipima upande mmoja ulikuwa mzito. Unaweza hata kuuchezea: lala kwa ubavu wa kulia robo saa, na tundu la kulia litaanza kuziba na la kushoto kufunguka. Ukitaka kufungua tundu lililo zito kabla ya zoezi, lala kwa ubavu wa upande wa pili. Huu ni ujanja mdogo unaofaa hata usiku wa mafua.

Sasa madai. La kwanza ni kwamba hewa ya tundu la kushoto inalisha nusu ya kulia ya ubongo. Hapa anatomia inakataa mapema sana. Ukuta unaotenganisha matundu mawili unaishia nyuma ya pua, sentimita chache tu kutoka usoni. Baada ya hapo hewa yote ni moja, koo ni moja, bomba la hewa ni moja. Oksijeni ikifika kwenye damu haina kumbukumbu ya mlango iliyoingilia. Na kama unasema si hewa bali neva, basi neva za kunusa ndizo zenye nafasi, lakini hizo hupeleka habari zake zaidi kwenye nusu ya ubongo ya upande ule ule, si wa pili.

Je, mzunguko wa pua hauna uhusiano wowote na ubongo? Unao, ila mshale wake unaelekea upande mwingine kuliko wanavyosema. Neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo ndizo zinazobana na kulegeza mishipa ya pua. Kuona pua imebadilika ni kama kuona bendera imegeuka: inakuambia upepo uko wapi. Dai la yoga ni kwamba ukigeuza bendera kwa mkono, upepo utafuata. Watafiti wamejaribu kupima hilo kwa kuwapumulisha watu tundu moja tu kwa muda na kuangalia mawimbi ya ubongo, mapigo ya moyo na presha. Baadhi waliona tundu la kulia linachangamsha na la kushoto linapoza, wengine hawakuona tofauti, na vikundi vilikuwa vya watu wachache. Siwezi kumwambia mgonjwa aamue jambo la dawa kwa ushahidi wa namna hiyo.

Dai la pili ni kwamba unaongeza oksijeni kwenye damu. Hili unaweza kulipima mwenyewe kwa kile kibanio cha kidoleni kinachouzwa sasa hata kwenye maduka ya dawa ya mtaani. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyeketi Moshi mjini kitasoma karibu 95 hadi 99 kwa mia kabla hajaanza chochote. Ndoo imeshajaa, huwezi kuijaza zaidi kwa kumimina polepole. Mlimani ni hadithi nyingine kidogo. Kule juu damu haijai, na pumzi za polepole na za kina zinaweza kupandisha kipimo hicho wakati unazifanya. Lakini ukiacha hurudi, na haziondoi haja ya kupanda taratibu. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia wageni wakiahidiwa kwamba zoezi la pua litawafikisha Uhuru, mita 5,895, bila kichwa kuuma. Anayeumwa kichwa na kutapika huko ashushwe, asifundishwe kuziba pua.

Kinachofanya kazi

Sasa kwa nini nasema zoezi lina kazi ya kweli? Kwa sababu ya zile sekunde kumi za kila pumzi.

Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkononi ukiwa unapumua nne kwa sita. Utasikia mapigo yanaongeza kasi unapovuta na kupunguza unapotoa. Ukivuta hewa, ubongo unailegeza breki ya moyo, ambayo ni neva ya vagasi. Ukitoa, breki inarudi. Hiyo ndiyo sababu ya kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta: muda mwingi zaidi breki ikiwa imekanyagwa.

Halafu kuna kitu cha pili, na ndicho kinachonivutia. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, kuna vihisio vinavyopima presha. Presha ikipanda vinaripoti, ubongo unapunguza mapigo na kulegeza mishipa, presha inashuka, navyo vinaripoti tena. Habari hiyo haifiki papo hapo. Inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo presha ya mtu hata akiwa ametulia inapanda na kushuka katika wimbi la takribani sekunde kumi. Ukipumua pumzi moja kila sekunde kumi, unalisukuma wimbi hilo kwa wakati wake, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea anapofika kwako, si akiwa katikati. Bembea inapanda juu kwa nguvu ndogo. Vihisio vinapata zoezi kubwa, na usikivu wake huongezeka.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha jaribio la watu 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri mantra ya Kihindi. Vyote viwili vilishusha upumuaji hadi kama mara sita kwa dakika, na vyote viwili viliongeza usikivu wa vile vihisio. Hakuna aliyeziba pua. Nilipomsomea shangazi hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nayo nyumbani." Yeye ni mtu wa jumuiya tangu niko mtoto. Lakini nilimwonya asiisali Salamu Maria kama jumuiya yetu inavyoisali. Ni haraka mno, hasa watu wakiwa na haraka ya chai. Pumzi ifuate saa, sekunde kumi kila moja.

Basi kidole puani kinafanya nini? Kwa maoni yangu, mambo mawili. Kinazuia njia moja kati ya mbili, hivyo hewa inapata ukinzani zaidi na huwezi kupumua haraka hata ukitaka. Ni kama matuta ya barabarani. Na kinaupa mkono kazi, hivyo akili haitoroki kwenda kwenye ada za shule. Hayo ni manufaa, ila si ya tundu la kushoto wala la kulia. Anayeogopa kuziba pua anaweza kupumua kwa matundu yote mawili, nne kwa sita, na kupata karibu kila kitu.

Hayo ni maoni. Tuliyapima.

Siku kumi na mbili za vikaratasi

Tulisubiri wiki tatu kwanza, shangazi akiwa amerudi kwenye amlodipini kila siku bila kuruka, kwa sababu dawa hiyo huchukua wiki moja na zaidi kidogo kutulia mwilini. Tungeanza mapema, dawa ingeshusha presha na pua ingepewa sifa.

Niliandika vikaratasi kumi na viwili nikaviweka kwenye kikombe: vinne vya kupumua kwa kubadilisha matundu, vinne vya kupumua kwa mwendo ule ule lakini matundu yote wazi, na vinne vya kukaa kimya tu bila zoezi. Kila jioni saa kumi na mbili alichomoa kimoja. Alikaa dakika tano kwanza, miguu chini, hajanywa kahawa nusu saa, ametoka haja ndogo. Mkanda kwenye mkono mtupu wa kushoto, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Vipimo viwili, dakika moja kati yake, aandike wastani. Kisha dakika kumi za alichochomoa, apumzike dakika mbili mkono wa kulia ukiwa umeshuka, na apime tena vile vile. Tulitumia mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umetoka kufanya kazi. Tena bila kuongea. Mazungumzo peke yake hupandisha namba, na shangazi ana mengi ya kusema.

Kile kikundi cha kukaa kimya ndicho watu wengi wanakiruka, na ndicho kinachoamua. Presha hushuka kwa kukaa tu. Mtu akijipima ametoka sokoni, akafanya zoezi, akajipima tena, ataona miujiza.

Haya ndiyo tuliyopata kwa namba ya juu. Siku za kukaa kimya, wastani ulitoka 149 hadi 143: ameshuka sita bila kufanya lolote. Siku za matundu yote wazi, 148 hadi 138: kumi. Siku za kubadilisha matundu, 150 hadi 139: kumi na moja. Namba ya chini haikusogea zaidi ya tatu siku yoyote.

Toa sita za kukaa kutoka kila kimoja. Mwendo wa polepole umebaki na pointi nne, na kubadilisha matundu tano. Hiyo pointi moja ya ziada haina maana, kwa sababu mashine zenyewe za nyumbani hukosea kwa pointi mbili tatu. Nne nazo si kubwa, na siku nne ni chache. Mtu mmoja wa Rau hawezi kuthibitisha kitu kwa ajili ya dunia. Isitoshe alijua kila siku anafanya nini, na alikuwa na upande aliotaka ushinde. Lakini kama tundu la kushoto lingekuwa swichi kama alivyoambiwa, tungeiona.

Kulikuwa na safu nyingine kwenye daftari, nayo ndiyo iliyomsikitisha: kipimo cha asubuhi kabla ya dawa. Hakikubadilika kulingana na kikaratasi cha jana yake. Ushukaji wa jioni ulikuwa umekwisha kulala usiku. Faida ya kudumu, ikiwepo, inatafutwa kwa miezi ya zoezi la kila siku, na hata hapo tafiti zinazungumzia pointi chache. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2013 kiliweka kupumua polepole kwa kuongozwa na kifaa kwenye orodha ya vinavyoweza kusaidia pamoja na matibabu, huku yoga kwa ujumla ikionekana kukosa ushahidi wa kutosha. Mgawanyo huo unafanana na daftari la shangazi: mwendo ndio, pua hapana.

Aliendelea miezi miwili, dakika kumi na tano kila jioni. Wastani wa asubuhi ulitoka 145 hadi 141. Nyumbani tunataka chini ya 135 kwa 85. Nikamwambia achukue daftari ampelekee daktari wake, ambaye alilisoma kurasa zote, akampandishia amlodipini hadi miligramu 10. Baada ya wiki tatu asubuhi zikawa 131 kwa 82, na miguu ikavimba kidogo, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya na ambalo wanalifuatilia.

Ukitaka kujipima wewe, fanya vile vile, na usisogeze dozi ya dawa yoyote katikati. Kipimo kikifika 180 kwa 120, rudia baada ya dakika tano. Kikibaki hapo, zoezi limekwisha, nenda hospitali. Na kama pamoja nacho kifua kinauma, pumzi inakata, mkono unakosa nguvu au maneno yanakatika, usirudie kipimo, ondoka sasa hivi. Mwenye pumu aliyebanwa atumie dawa yake ya kuvuta, si kidole. Na tundu la pua ambalo limeziba upande ule ule kwa wiki kadhaa bila kubadilishana, au linalotoa damu mara kwa mara, halina mzunguko tena: linahitaji kuangaliwa na daktari wa pua.

Shangazi bado hukaa kwenye lile kochi saa kumi na mbili. Siku hizi mkono wa kulia umeshika rozari, pua iko wazi, na ile saa ya ukutani ameihamishia karibu aisikie ikigonga. Siku za mafua tu ndipo anaponiambia kwamba kidole kilikuwa na raha yake.